Ahadi Inapopotea Njiani: Utatuzi wa Matatizo katika Kutafsiri Ujumbe wa Kuthibitisha Mazungumzo ya Simu

Wafanyabiashara wengi wa Kigoma huzungumza na wenzao wa Kalemie, Uvira na Bujumbura kwa Kiswahili, na kwenye simu huelewana vizuri. Tatizo huanza simu inapokatwa. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kazi za ofisi na hesabu huandikwa sana kwa Kifaransa, kwa hiyo mnunuzi huomba atumiwe yale waliyokubaliana kwa lugha ambayo karani au mhasibu wake ataisoma. Muuzaji huandika ujumbe kwa Kiswahili, au huutamka kwa sauti, kisha hutuletea sisi watafsiri. Mwongozo huu umetokana na malalamiko yanayojirudia juu ya jumbe hizo, na umepangwa kwa dalili: tafuta dalili inayofanana na yako, anza na sababu ya kwanza, maana ndiyo inayotokea mara nyingi zaidi, kisha shuka.

Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, na tafsiri iliyoharibika katika mfano huo niliifanya mimi mwenyewe. Mama mmoja anayeuza chumvi ya Uvinza alizungumza na mnunuzi wa Kalemie siku ya Jumatatu, tarehe 10 Machi 2025. Baada ya simu aliniandikia hivi:

> Habari za leo kaka. Kama tulivyoongea, mifuko 200 ya chumvi itapakiwa Ijumaa saa kumi na mbili. Nusu itatumwa kesho na iliyobaki ikifika. Wapagazi itajulikana huko huko. Alhamisi saa nne tutapigiana. Mungu akipenda yote yatakwenda sawa.

Usome polepole kabla ya kuendelea, kwa sababu kila sentensi ndani yake ina tundu.

Dalili ya kwanza: kila upande unamngoja mwenzake

Hii ndiyo dalili inayoleta hasara kubwa kuliko zote, na ndiyo iliyotupata. Jumanne ilipita bila fedha kuingia. Jumatano mama alianza kumwona mnunuzi kuwa ni mtu wa maneno matupu, huku mnunuzi naye akishangaa kwa nini mzigo wa kwanza haujatoka. Ijumaa jioni boti iliondoka kwenye mwalo wa Kibirizi, Kigoma, bila chumvi.

Sababu iliyo ya kawaida zaidi ni kitenzi cha kutendwa kisicho na mtendaji. Mama aliandika kwamba nusu "itatumwa", nami nikaandika kwa Kifaransa "la moitié sera envoyée demain, le reste à l'arrivée". Tafsiri hiyo ni sahihi neno kwa neno, lakini haisemi ni nani atakayetuma. Kwenye simu wote wawili walijua, kwa sababu aliyetamka ahadi alisikika kwa sauti yake. Katika maandishi sauti haipo, na kitenzi cha kutendwa kinamwacha kila msomaji amfikirie mwenzake.

Sababu ya pili imejificha ndani ya sarufi yetu. Nusu ya nini? Mama alikusudia nusu ya bei. Lakini tazama kiambishi: nusu itatumwa, mifuko itatumwa, chumvi itatumwa. Maneno yote matatu huchukua "i", kwa hiyo upatanisho wa kisarufi, ambao kwa kawaida hutuokoa, hapa haukusaidia kitu. Angeandika "pesa zitatumwa", ile "zi" ingetosha kuonyesha kwamba si chumvi inayosemwa. Na kwa kuwa kitu kilichotajwa mara ya mwisho kabla ya neno "nusu" ni mifuko 200 ya chumvi, mhasibu wa Kalemie alisoma kwamba mifuko 100 itatumwa Jumanne na mifuko 100 itafuata. Hakukosea kusoma. Hivyo ndivyo nilivyoandika.

Sababu ya tatu ni "tu" ya Kiswahili, ambayo haitofautishi "mimi na wewe" na "mimi na wenzangu bila wewe". "Tutalipa ushuru" inaweza kuwa ahadi ya upande mmoja au ya pande zote mbili. "Tutapigiana" ni mbaya zaidi, kwa kuwa kila mmoja ana haki ya kusubiri apigiwe.

Ukaguzi mwepesi ni huu: kabla ya kutafsiri neno lolote, pigia mstari kila kitenzi cha wakati ujao katika ujumbe wa Kiswahili, na pembeni ya kila kimoja andika nani, kitu gani, kiasi gani na lini. Palipo na pengo, usilizibe kwa akili yako. Mpigie aliyekuletea ujumbe. Swali lililonishinda kuuliza Jumatatu niliuliza Ijumaa usiku: "Mama, hiyo nusu ni nusu ya nini?" Akanijibu, "Nusu ya hela, mwanangu. Chumvi nitaigawaje, na boti ni moja?" Jibu hilo lilichukua muda mfupi kuliko kuandika sentensi yenyewe.

Ukaguzi huo ukishindwa kwa sababu ujumbe ni mrefu au una mambo mengi, tumia dawa nzito zaidi: vunja ujumbe wote uwe ahadi zenye namba, kila namba ikianza na "mimi" au "wewe", na utafsiri kutoka kwenye orodha hiyo badala ya ujumbe wa awali. Mwenye ujumbe ni lazima aisome orodha na kuikubali kwanza. Baadhi ya wateja huona orodha ya namna hiyo ni kavu na inakosa heshima, na wana haki ya kuona hivyo, kwa hiyo salamu zibaki kamili juu na chini yake.

*Simama hapa:* ukiuliza "nusu ya nini" na kugundua kwamba mwenye ujumbe mwenyewe hana hakika, au anakumbuka jambo moja na mwenzake jingine, usitafsiri. Hapo hakuna makubaliano ya kuthibitisha. Waambie wapigiane tena, hata kama wamekasirika.

Dalili ya pili: siku au saa imepishana

Mmoja amefika, mwenzake hayupo, na kila mmoja ana ujumbe mkononi unaomthibitishia kwamba yeye ndiye aliyefuata makubaliano.

Anza na saa yenyewe. Saa nne asubuhi yetu ni saa 10 kwa msomaji wa Kifaransa, na mtafsiri mwenye haraka huandika "4 h", jambo linalomaanisha alfajiri. Kosa hilo wengi wanalijua. Linalosahauliwa ni kwamba saa ya Kigoma iko mbele kwa saa moja kuliko ya Kalemie na ya Bujumbura. Saa yetu inapoonyesha 10:00, ya kwao inaonyesha 9:00. Kwa hiyo "Alhamisi saa nne" ya mama, hata ikitafsiriwa vizuri kuwa "10 h", bado inamfanya mnunuzi asubiri simu saa moja baada ya simu hiyo kupigwa. Andika saa mbili daima, ya Kigoma na ya kule, kila moja ikiwa na jina la mji wake.

Pia "saa kumi na mbili" haina maana mpaka ielezwe kama ni asubuhi au jioni. Kwa boti ya Ijumaa mama alikusudia jioni, yaani 18:00, na ilikuwa dhahiri kwake kwa sababu anaishi karibu na mwalo na anajua boti hupakia wakati gani. Mhasibu wa Kalemie hajui hilo.

Sababu inayofuata ni maneno yanayotegemea siku ya kusomwa. "Kesho" iliyoandikwa Jumatatu usiku na kusomwa Jumanne asubuhi inakuwa Jumatano. Badilisha kila "kesho", "keshokutwa", "wiki ijayo" na "mwisho wa mwezi" kuwa jina la siku pamoja na tarehe, kwa kuwa vitu hivyo viwili hukaguana: ukiandika Ijumaa tarehe 13 na tarehe 13 ni Alhamisi, msomaji makini atauliza. Na pale safari inapokuwa ya usiku, epuka kabisa "usiku wa Ijumaa", kwani wapo wanaouelewa kuwa ni usiku unaotangulia Ijumaa na wapo wanaouelewa kuwa ni ule unaoifuata. Andika "usiku wa kuamkia Jumamosi tarehe 15".

Jambo jingine linawahusu wanaozungumza Kiswahili pande zote mbili na kudhani ni kimoja. Wapo wazungumzaji wa Kiswahili cha Kongo wanaohesabu siku za kazi kuanzia Jumatatu, ambapo siku ya kwanza ni Jumatatu na siku ya tano ni Ijumaa. Sikio la Kigoma likisikia "siku ya tano" kwenye simu yenye mwangwi, huandika Jumatano. Ukiona ujumbe unasema Jumatano na boti ya mtu huyo kwa kawaida huondoka Ijumaa, uliza ni maneno gani hasa yalitamkwa.

Mwisho kabisa ziko sababu zinazotokea pale ujumbe unapotoka kwao kuja kwetu. "D'ici vendredi" maana yake ni kwamba jambo litakamilika ifikapo Ijumaa, lakini nimeiona imetafsiriwa "kuanzia Ijumaa", na hapo mwisho wa muda umegeuzwa kuwa mwanzo wake. "Huit jours" kwa maneno ni siku nane, ila Mfaransa na anayetumia Kifaransa chake humaanisha wiki moja, kama vile "quinze jours", siku kumi na tano, humaanisha wiki mbili. Mtafsiri akihesabu siku nane kamili kwa vidole, malipo yanachelewa kwa siku moja na kila upande unajiona mwaminifu. Ukikutana na maneno hayo, omba tarehe.

Dalili ya tatu: ahadi imepungua au imeongezeka nguvu

Malalamiko huwa hivi: "Mimi sikuahidi, nilisema nitajaribu." Au kinyume chake: "Alinihakikishia, sasa anasema ilikuwa makadirio."

Mara nyingi sababu ni kwamba mtafsiri amelainisha au amekaza kitenzi ili sentensi isomeke vizuri. "Nitaleta", "nitajitahidi kuleta" na "tutaangalia" ni ngazi tatu tofauti. Ya kwanza ni ahadi, ya pili ni ahadi ya juhudi tu, na ya tatu mara nyingi ni njia ya adabu ya kukataa. Kila moja ina mwenzake katika Kifaransa, na kazi ya mtafsiri ni kubaki kwenye ngazi ile ile, hata kama mteja wake angependelea iliyo juu yake.

Neno linalonisumbua zaidi ni "en principe". Likitoka Bujumbura au Kalemie kwamba mzigo utafika "en principe samedi", mtafsiri huandika "kimsingi, Jumamosi". Kwa msomaji wetu, "kimsingi" linasikika kama mkazo, kana kwamba jambo limeshapita. Lakini aliyeandika amejiachia mlango wazi: anasema inatarajiwa iwe Jumamosi kama hakuna kitakachozuia. Andika "inatarajiwa Jumamosi, haijathibitishwa", kisha mshauri mteja aulize itathibitishwa lini. Kinyume chake ni "entendu". Kwa asili ya neno ni "imesikika", na mtafsiri mchanga huandika "nimekusikia", ambayo kwetu haimfungi mtu. Katika jibu la biashara "entendu" ni kukubali. Hapo ahadi iliyotolewa kweli inafutwa na tafsiri.

Na vipi kuhusu "Mungu akipenda"? Swali hili nimelifikiria muda mrefu, kwa sababu sipendi kulifuta neno ambalo mtu amelisema kwa imani. Kwetu mtu anaweza kutoa ahadi thabiti na bado akaitamka, kwani kupanga kesho bila kumtaja Mungu ni kiburi. Likitafsiriwa katikati ya ahadi, mhasibu asiyemjua msemaji anaweza kulisoma kama sharti, au kama njia ya kukwepa. Ninalofanya ni kumuuliza mwenyewe: ukiondoa mambo yaliyo nje ya uwezo wa mtu, je, umeahidi? Akisema ndiyo, ahadi inaandikwa kikamilifu ndani ya namba yake, na dua inawekwa mwishoni pamoja na salamu, mahali ambapo kila dini inaielewa.

*Simama hapa:* mteja akikuomba uikaze au uilegeze ahadi katika lugha ya pili ili upande wa pili usome tofauti na alivyosikia, kataa kazi hiyo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua kumbukumbu za kielektroniki kama ushahidi hapa Tanzania, kwa hiyo ujumbe wa simu unaweza kusomwa mahakamani, na tafsiri yako pamoja nao.

Dalili ya nne: kiasi hakilingani

Hapa nitapita haraka, kwa kuwa ukaguzi ni mwepesi. Kwanza tazama kipimo: mfuko wa kilo ngapi, dumu la lita ngapi. Pili, "faranga" ni ya Burundi au ya Kongo? Tatu, nukta na mkato: sisi huandika 1,500 kumaanisha elfu moja na mia tano, lakini katika Kifaransa mkato hutenganisha sehemu ndogo ya namba, kwa hiyo 1,500 inaweza kusomwa kuwa moja na nusu. Acha nafasi badala ya mkato, na kiasi chochote cha fedha kiandikwe pia kwa maneno.

*Simama hapa:* kama kinachobishaniwa ni ushuru, kibali au uzito wa mzigo mpakani, tafsiri haitawasaidia. Hiyo ni kazi ya wakala wa forodha. Na ujumbe ukianza kutaja dhamana, riba, faini ya kuchelewa au nyumba iliyowekwa rehani, si ujumbe wa kuthibitisha tena, ni mkataba, na wenyewe waende kwa wakili kabla mtu yeyote hajajibu.

Dalili ya tano: ujumbe umefika ukiwa na upungufu

Hutokea kwa wanaotumia ujumbe mfupi wa kawaida. Ujumbe mmoja huchukua herufi 160, lakini ikiingia hata herufi moja kama ê, ô, û au ç, nafasi hushuka hadi herufi 70, na ujumbe hukatwa vipande vingi zaidi, ambavyo simu nyingine huvipokea bila mpangilio. Kwa hiyo wengine huandika bila alama, na hapo "payé", yaani imelipwa, hugeuka "paye", yaani analipa. Dawa ni kutotegemea alama: tumia sentensi yenye mtendaji, "vous payez", ambayo haibadiliki, na tuma kila namba kama ujumbe wake peke yake.

Dalili ya sita: jibu limekuja, lakini hakuna aliyekubali

Mnunuzi alijibu ujumbe wangu wa kwanza kwa maneno mawili: "Bien reçu." Nilimwambia mama kwamba amekubali. Hakuwa amekubali. Alisema tu kwamba ujumbe umefika salama. "Sawa" yetu ina udhaifu huo huo, na kidole gumba kilichoinuliwa vivyo hivyo.

Sababu ya kawaida ni kwamba ujumbe haukuomba jibu mahususi. Sababu ya pili ni kwamba umechanganya yaliyokubaliwa na yasiyokubaliwa, basi msomaji anaogopa kujifunga kwa yote na anajibu kwa neno lisilomfunga. Suluhisho la yote mawili ni kuomba ajibu kwa namba, na kuyatenga mambo yaliyobaki. Nilipoandika upya ujumbe wa mama kwa usafirishaji uliofuata, nilitaka kuongeza kwamba nusu ya pili ilipwe kabla ya mifuko kushushwa, maana kwangu ilikuwa akili ya kawaida. Nikamuuliza. Akasema hawakulizungumza. Likaenda mahali pake, kwenye namba ya mwisho. Ujumbe wa Machi 10 ungepaswa kuwa hivi:

> 1. Mimi nitapakia mifuko 200 ya chumvi, kila mfuko kilo 50, Kibirizi, Ijumaa tarehe 14 Machi 2025, saa 18:00 ya Kigoma, ambayo ni 17:00 ya Kalemie.
> 2. Wewe utanitumia nusu ya bei yote Jumanne tarehe 11 Machi 2025. Nusu ya pili utanilipa mifuko itakapofika Kalemie.
> 3. Wewe utawalipa wapagazi wa Kalemie.
> 4. Mimi nitakupigia Alhamisi tarehe 13 Machi 2025, saa 10:00 ya Kigoma, ambayo ni 9:00 ya Kalemie.
> 5. Bado hatujakubaliana: nusu ya pili italipwa kabla au baada ya kushusha mifuko.
> Tafadhali nijibu: Nakubali 1, 2, 3, 4.

Na kwa Kifaransa:

```
1. Je charge 200 sacs de sel de 50 kg à Kibirizi le vendredi
   14 mars 2025 à 18 h 00, heure de Kigoma (17 h 00 à Kalemie).
2. Vous m'envoyez la moitié du prix total le mardi 11 mars 2025.
   Vous me payez l'autre moitié à l'arrivée des sacs à Kalemie.
3. Vous payez les porteurs à Kalemie.
4. Je vous appelle le jeudi 13 mars 2025 à 10 h 00, heure de
   Kigoma (9 h 00 à Kalemie).
5. Pas encore convenu : l'autre moitié est payée avant ou après
   le déchargement.
Merci de répondre : D'accord 1, 2, 3, 4.
```

Tuma matini zote mbili pamoja, katika mazungumzo yale yale, ili anayejua Kiswahili na anayejua Kifaransa wakae mbele ya kitu kimoja. Ukigundua kosa baada ya kutuma, usilirekebishe ndani ya ujumbe uleule ingawa WhatsApp inaruhusu kufanya hivyo kwa dakika 15, kwa sababu mwenzako anaweza kuwa ameshausoma na kuunakili ulivyokuwa. Tuma ujumbe mpya unaotaja namba iliyobadilika, ilivyosomeka mwanzo na inavyosomeka sasa, kisha uombe tena "Nakubali" kwa namba hiyo. Jibu lisipofika kufikia saa iliyotajwa kwenye namba ya nne, simu ipigwe kama ilivyoahidiwa, na jambo la kwanza kusomwa kwa sauti liwe ni orodha hiyo, namba kwa namba.